Kiongozi Kiko 402, Darasa Liko 14

Tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika katika Awali, Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu na Kidato cha Kwanza, simu yangu imekuwa ikipokea picha za kurasa za vitabu. Wanaozituma ni walimu vijana wanaojua kwamba nimefundisha Hisabati za shule ya msingi kwa miaka mingi. Anayetuma zaidi ni mpwa wangu, aliyepangiwa Darasa la Tatu. Juzi alipiga picha ukurasa wa kutoa namba za tarakimu tatu kwa kukopa, na chini yake akaandika: “Shikamoo mjomba. Kitabu kinataka 402 kutoa 157. Watoto wangu, 14 kutoa 6 wanahesabu kwa vidole. Nifuate kitabu au nifuate watoto?”

Swali hilo ni la zamani kuliko mtaala huu na ule uliotangulia. Kiongozi cha mwalimu huandikwa kwa ajili ya mtoto aliyefaulu kila kitu cha mwaka jana. Mwandishi wake hana njia nyingine, kwa kuwa hawezi kumjua mtoto wa Kilosa wala wa Mbagala, kwa hiyo huanzia pale muhtasari wa mwaka uliopita ulipoishia. Mwalimu ndiye anayewaona watoto waliokaa mbele yake. Upimaji wa Uwezo, ulioanza kwetu mwaka 2010 kwa kuwafuata watoto majumbani na kuwapa majaribio ya kiwango cha Darasa la Pili, ulionyesha wazi kwamba wapo wengi wa madarasa ya juu wanaokwama katika hesabu hizo. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ili kuziba pengo hilo hukohuko chini. Hata hivyo, mwalimu anayeingia Darasa la Tatu asubuhi hii anakutana na watoto wa leo, na kipindi chake ni cha dakika 40.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa wilayani Kilosa. Somo lilikuwa hilihili. Kiongozi kilielekeza nianze kwa kurudia kutoa namba za tarakimu mbili kwa hesabu moja, 52 kutoa 27, kisha niende kwenye mamia, nionyeshe mfano ubaoni, niwape watoto mazoezi kumi, nisahihishe. Watoto waliitikia vizuri sana. “Mbili toa saba?” “Haiwezekani!” “Tunafanyaje?” “Tunakopa!” Mtu aliyepita nje angedhani darasa zima limeelewa. Madaftari yalipokuja mezani, kundi kubwa lilikuwa limeandika 35 kwenye ile hesabu ya kurudia, wakati jibu ni 25.

Ofisini kwetu alikuwapo mwalimu mmoja wa kike aliyekaribia kustaafu, tukimwita Mama kwa heshima. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliyavuta yale madaftari, akayapekua kidogo, akasema: “Hesabu hii haikuambii kitu, mwanangu. Wape 52 kutoa 28.” Sikuona tofauti kati ya 27 na 28, ila nilifanya alivyosema.

Majibu yaligawanyika. Wapo walioandika 36 na wapo walioandika 34. Jibu sahihi ni 24. Hapo Mama akanionyesha kilichokuwa kimejificha. Aliyepata 36 ameona kwamba mbili toa nane haiwezekani, akaigeuza, akafanya nane toa mbili, akapata sita, kisha tano toa mbili, akapata tatu. Huyu hajui kukopa, na kelele zote za “tunakopa” ni wimbo kwake. Aliyepata 34 amekopa vizuri, kumi na mbili toa nane ni nne, lakini amesahau kupunguza yale makumi aliyoyakopa, akabaki na tano toa mbili. Watoto hawa wawili wana matatizo tofauti kabisa. Kwa 52 kutoa 27 wote wawili wanaandika 35, kwa sababu saba toa mbili ni tano, na kumi na mbili toa saba nayo ni tano. Tofauti ya tarakimu za mamoja ikiwa tano, makosa yote mawili huzaa jibu lilelile, na mwalimu anaweka alama moja ya kosa kwa wagonjwa wa maradhi mawili.

Tangu siku hiyo sijawahi kuchukua hesabu ya kupimia kutoka kitabuni bila kuifanya kwanza kwa njia zote za kukosea ninazozijua. Naifanya kama mgeuzaji, naifanya kama msahaulifu, halafu natazama kama majibu yanatofautiana. Yakifanana, nabadili tarakimu moja. Kazi hii haizidi dakika tano jioni, na ndiyo sehemu ya maandalizi ambayo sijaiona katika kiongozi chochote nilichopata kukishika.

Jambo la pili nililojifunza kwa Mama ni kupanga madaftari kwa aina ya kosa badala ya kwa alama. Mtoto aliyepata mbili ya kumi na aliyepata nne ya kumi wanaweza kuwa na kosa moja. Wawili waliopata tatu tatu wanaweza wasiwe na lolote la kufanana. Nilikuwa naweka mafungu mezani: wageuzaji huku, wasahaulifu kule, na fungu la wale ambao jibu lao liko karibu tu, 23 au 25. Hao wa mwisho ukitazama pembeni mwa ukurasa utaona vistari vingi vilivyochorwa kwa penseli. Wanajua njia nzima, ila wanahesabu kwa vistari na kimoja kinaruka. Kuwafundisha upya kukopa ni kuwapotezea muda. Wanahitaji kuzijua kichwani hesabu za kutoa zisizozidi 18.

Kwa wale ambao daftari halikueleweka nilikuwa nawaita mmoja mmoja wakati wenzao wakifanya zoezi, namwambia afanye hesabu huku akisema kwa sauti. Kuna mtoto wa kiume aliyenieleza kwa ujasiri mkubwa: “Mwalimu, kidogo hakiwezi kumtoa mkubwa, kwa hiyo mkubwa anamtoa kidogo.” Alikuwa ameshika kitu alichofundishwa kweli, pengine na mwalimu wa Darasa la Kwanza aliyewaambia kwamba siku zote tunatoa namba ndogo kutoka kubwa. Kauli hiyo ilikuwa sahihi kwa hesabu za darasa lile. Yeye aliichukua na kuitumia kwa kila tarakimu peke yake. Mtoto wa namna hii hakosei kwa uzembe. Anafuata kanuni, na ukimrudishia mfano uleule wa ubaoni mara tatu ataendelea kuifuata.

Basi somo likabidi libadilike. Lengo sikuligusa: mwisho wa mada watoto watoe namba za tarakimu tatu kwa kukopa. Nilichobadilisha ni mlango wa kuingilia.

Tulikusanya vijiti vya mabua ya mtama, tukavifunga kumi kumi kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilianza kwa kumwambia kila kikundi kinionyeshe 34. Hapo hapo utajua mengi. Mtoto aliyeiva anachukua mafungu matatu na vijiti vinne. Ambaye hajaiva anafungua mafungu na kuhesabu moja, mbili, tatu hadi thelathini na nne. Kwake kumi bado ni vitu kumi, haijawa kitu kimoja. Ukimfundisha kukopa huyo unajenga juu ya hewa, kwa sababu hana anachokopa. Kwa hao kipindi kizima kilikwisha kwa kufunga na kutaja: mafungu sita na vijiti saba ni ngapi, 80 ni mafungu mangapi. Sikuona aibu kufanya kazi ya Darasa la Kwanza ndani ya Darasa la Tatu.

Waliopita hapo waliweka 52 mezani, mafungu matano na vijiti viwili. Nikawaambia: “Nipeni 28.” Walinipa mafungu mawili kwa haraka, wakanipa na vijiti viwili, wakakwama. Nilikaa kimya. Kuna vikundi vilivyotaka kunipa fungu zima na kunidai chenji, na hilo nalo ni jibu zuri. Hatimaye msichana mmoja akauvua mpira wa fungu moja. Kabla hajanihesabia kilichobaki nilimsimamisha nikauliza darasa: “Vijiti vimeongezeka?” Wengine walisema ndiyo, maana mezani palionekana pamejaa. Tukahesabu vyote, pamoja na nilivyokwisha kupewa: mafungu manne na vijiti kumi na viwili, bado 52. Hapo ndipo penye somo zima. Nikaandika ubaoni 52 = 40 + 12, na sikuruhusu mtu aende hatua nyingine kabla hajaiandika daftarini.

Vijiti vina hatari yake na ni vizuri kuisema, maana siku hizi zana inasifiwa kana kwamba inafundisha yenyewe. Mtoto mwerevu akiachiwa atafungua mafungu yote, atahesabu 52, ataondoa 28, atahesabu kilichobaki, atapata 24, na hatakuwa amejifunza kukopa hata kidogo. Jibu ni sahihi na somo limepotea. Kwa hiyo niliweka sharti kwamba fungu moja tu ndilo linaloruhusiwa kufunguliwa. Pia kila tendo la mkono lilipaswa kufuatwa papo hapo na maandishi: umefungua fungu, kata 5 uandike 4, andika 12 juu ya 2. Mpangilio huo ndio uliowaponya wasahaulifu. Hawakuwa na haja ya kukumbushwa “usisahau kupunguza,” kwa sababu fungu walilolivua mpira halikuwapo tena miongoni mwa mafungu.

Baada ya hapo likaja kosa jipya ambalo sikulitarajia. Kwa kuwa nilikuwa nimewapa hesabu za kukopa tupu, walianza kukopa kila mahali. Kwenye 58 kutoa 25 mtoto alikopa, akapata kumi na nane toa tano ni kumi na tatu, makumi manne toa mawili ni mawili, akaandika 213. Namba inayobaki imeizidi ile aliyoanza nayo, na haimshangazi. Tangu hapo nikawa nachanganya. Naandika ubaoni hesabu sita, tatu za kufungua fungu na tatu za kutofungua, na kazi ya kwanza ni kusema tu “nafungua” au “sifungui,” bila kutafuta jibu. Zoezi hilo halichukui dakika tano, halihitaji daftari, na mtoto anayebahatisha anajulikana upesi.

Kisha tukapanda kuelekea kitabu. Hatua zenyewe zilikuwa ni namba tu, zilizochaguliwa ili kila mara kiongezeke kitu kimoja. Kutoka 52 kutoa 28 tulikwenda 152 kutoa 28, ambapo mamia yapo lakini hayaguswi. Ikafuata 342 kutoa 128, kukopa mara moja huku mamia yakishughulikiwa. Halafu 342 kutoa 178, kukopa mara mbili. Mwisho kabisa ndipo 402 kutoa 157, ileile ya ukurasa wa mpwa wangu. Sifuri ya katikati inawatesa watoto kwa sababu wanakwenda kukopa kwa jirani wanakuta hana kitu. Wengi wanaruka hadi kwenye mia na kurudi na kumi, wanaacha sifuri ilivyo. Tulifunga mafungu kumi kuwa fungu kubwa la mia. Mtoto akalifungua fungu kubwa moja akapata mafungu madogo kumi, akafungua moja kati ya hayo, yakabaki tisa. Mamia matatu, makumi tisa, mamoja kumi na mawili. Ile tisa, ambayo kitabuni hutokea ghafla juu ya sifuri, waliiona kwa macho ikibaki mezani. Jibu, 245, likaja lenyewe.

Katikati ya kazi hiyo tulitembelewa na ofisa wa kukagua ubora wa elimu. Akachukua azimio la kazi, akachukua andalio la somo, akaona havifanani. Azimio lilisema mamia, darasa lilikuwa likifunga vijiti. Nilimwonyesha madaftari yaliyopangwa kwa makosa. Aliyatazama kwa muda mrefu, akakubali sababu, kisha akauliza swali ambalo ninalithamini kuliko sifa: “Watarudi lini?” Sikuwa nimeiandika tarehe ya kurudi mahali popote.

Alikuwa na haki. Darasa la Nne kuna upimaji wa kitaifa, na karatasi ya upimaji haiulizi mtoto alianzia wapi. Nimewaona walimu wenye huruma walioshuka na watoto wao hadi 14 kutoa 6 wakakaa huko muhula mzima, na watoto wakafika Darasa la Nne hawajawahi kuiona 402. Huko si kumfuata mtoto. Tangu ziara ile andalio langu huwa na mistari miwili pale penye lengo: lengo la mtaala, na lengo la leo. Chini ya lengo la leo naandika kipindi ambacho darasa litakuwa limerudi kwenye ukurasa wa kitabu. Kwenye sehemu ya maoni naandika kosa lililoonekana na idadi ya waliolifanya badala ya ile sentensi yetu ya mazoea kwamba somo limeeleweka na wengi. Hakuna mkaguzi aliyewahi kunilaumu kwa andalio la namna hiyo, na walimu wakuu wamelipenda kwa kuwa linawapa cha kujibu.

Baadaye nilihamia Dar es Salaam, na mambo ya Kilosa hayakuhamishika yote. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, wanne katika dawati la watatu. Vijiti vilianguka, vikapotea, vikageuka panga. Nikaviacha. Kilichobaki na kufanya kazi kilikuwa ni upimaji wa hesabu nne kwenye robo karatasi: 14 kutoa 6, 58 kutoa 25, 52 kutoa 28, na 402 kutoa 158. Kila moja inauliza jambo lake. Ya kwanza inauliza hesabu za kichwani, ya pili inauliza mpangilio wa makumi na mamoja, ya tatu inauliza kukopa, ya nne inauliza mada ya kitabu. Sikutoa alama. Nilizigawa karatasi mezani kufuata hesabu ya kwanza aliyokosa mtoto, na hapo ndipo nilipojua aanzie wapi. Karatasi mia zilinichukua muda mfupi kuliko kusahihisha mazoezi kumi ya madawati matatu.

Badala ya vijiti tulitumia fedha, maana mtoto wa mjini anayetumwa dukani anajua chenji kuliko mwalimu wake. Noti ya elfu moja ni sarafu kumi za mia, na hakuna wa kumdanganya hapo. Tulikata karatasi, tukaandika 1,000 na 100. Una shilingi 5,200, unadaiwa 2,800, una noti tano na sarafu mbili. Darasa zima lilijua kwamba lazima noti moja ivunjwe, na zinabaki nne. Tulipofuta sifuri mbili za mwisho pande zote, ikabaki 52 kutoa 28.

Waliokwisha kujua mada siku ya kwanza, na kila darasa lina watu hao, hawakusubiri. Niliwapa kazi ya kutunga hesabu za maneno kwa ajili ya wenzao, yenye sharti moja: jibu lipatikane kwa kukopa mara mbili. Ni kazi ngumu kuliko mazoezi ya kitabu, na iliniumbua katika jambo jingine, kwamba baadhi ya walioshindwa hesabu za maneno hawakushindwa kutoa. Nilipowasomea swali kwa sauti walipata. Tatizo lao lilikuwa kusoma, na hilo linatibiwa kwenye kipindi kingine.

Mpwa wangu nimemjibu afuate vyote viwili: lengo alichukue kitabuni, mahali pa kuanzia apachukue kwa watoto. Nikamtumia zile hesabu nne. Jana ameniletea majibu. Watoto wake wengi wamekwama kwenye ya tatu, na wachache mno kwenye ya kwanza. Kumbe wale wa vidole aliokuwa akiwalilia walikuwa wachache, ila ndio waliokaa mbele.

Nina ombi moja kwa wanaoandika viongozi vya mwalimu. Kila mada iongezewe nusu ukurasa tu. Mtuandikie mtoto anapaswa awe anajua nini kabla ya kuianza, mtupe maswali matatu au manne ya kulipima hilo, na mtuonyeshe majibu ya makosa yanayotarajiwa na maana ya kila moja. Mwalimu wa Darasa la Tatu akifungua ukurasa akasoma kwamba 36 ni kugeuza na 34 ni kusahau kupunguza, hatahitaji kusubiri akutane na mwalimu anayekaribia kustaafu ndipo aambiwe.